Heko kwa barista wa Kericho

Kericho inajulikana kwa chai, lakini upande wa Kipkelion wakulima huvuna kahawa, na mjini wapo mabarista wanaoitendea haki. Nawapongeza kwa kazi ambayo mteja haioni: kurekebisha mashine ya kusagia wiki nzima.

Chukua Jumatatu, buni ikiwa na siku chache tangu ikaangwe. Barista anapima gramu 18 za unga, na kikombe kinapata gramu 36 za espreso kwa sekunde 28. Kufikia Alhamisi, kipimo kilekile kinashuka kwa sekunde 21, kahawa ikiwa nyepesi na chachu. Gesi iliyokuwa ndani ya buni na kuyazuia maji kidogo imepungua. Barista hagusi kipimo. Anakaza mashine kidogo tu ili unga uwe laini zaidi. Kisha anasaga gramu chache na kuzitupa, kwa kuwa unga wa kipimo cha zamani hubaki ndani ya mashine na ungemdanganya.

Alasiri mvua ya Kericho inanyesha. Unga hufyonza unyevu na kushikamana, na mara nyingi maji hupita polepole. Sekunde zikifika 35 na uchungu ukizidi, analegeza kidogo, kisha anapima na kuonja tena. Saa humwonyesha mwelekeo, lakini ulimi ndio unaoamua.

Heko kwenu. Nawe mteja, ukimwona akimwaga kikombe cha kwanza, msubiri: anakutengenezea chako.