Tamko Kabla ya Matangazo: Kosa la Sekunde Hamsini

Mliokuwa ukumbini Arusha mliona kilichotokea. Mgeni rasmi alitamka kwamba warsha imefunguliwa, ukumbi ukapiga makofi, kisha akapokea karatasi na kurudi kwenye kipaza sauti kusoma matangazo ya utaratibu. Sitazunguka: huo ulikuwa uamuzi mbaya. Hotuba ya ufunguzi ya dakika tatu ina kazi tatu, kukaribisha, kueleza lengo na kutoa matangazo, na zote zinapaswa kumalizika kabla ya tamko. Baada ya tamko hakuna hotuba tena.

Mengine alifanya vizuri. Salamu zilikuwa fupi, na lengo lilielezwa kwa sentensi moja inayopimika: kabla ya kuondoka, nchi zote zikubaliane utaratibu mmoja wa kuchukua sampuli za mahindi mpakani kwa ajili ya kupima sumukuvu. Ni miaka mingi sijasikia lengo la warsha likitajwa kwa uwazi wa namna hiyo. Ndiyo maana kosa lililofuata limeniuma.

Tuitazame saa. Tamko lilitoka dakika mbili zikiwa hazijatimia, maana yake alikuwa na zaidi ya dakika nzima mkononi. Hakubanwa na muda. Katika rekodi unaona mkono wa mtu wa sekretarieti ukisogeza karatasi upande wa kulia wa mimbari wakati makofi yanaendelea. Mgeni rasmi akaitazama, akasema kuna mambo machache ameombwa kuyatangaza, akasoma kwa sekunde hamsini. Hapo ndipo alipokuwa na uchaguzi. Angeweza kumpa mshereheshaji ile karatasi, kwa kuwa mshereheshaji alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Akaamua kuisoma mwenyewe.

Fikirini tamko linafanya nini ndani ya ukumbi. Mshiriki akisikia maneno ya kufungua rasmi, anajua mgeni rasmi amemaliza. Anafunga daftari, anageukia jirani yake, anatafuta simu. Wapiga picha wanasogea mbele kwa ajili ya picha ya pamoja. Wahudumu wanafungua milango ya kuelekea kwenye chai. Na wale wanaofuata kwa lugha nyingine wanavua vifaa vya kusikilizia na kuviweka mezani. Hakuna mzembe hata mmoja kati yao. Wote wametii ishara waliyopewa na mgeni rasmi mwenyewe.

Sasa njooni kwenye kibanda cha wakalimani, maana huko ndiko hasara ilikoanzia. Mkalimani wa papo kwa papo hufuata nyuma ya msemaji kwa sekunde chache. Msemaji anaponyamaza, yeye bado anamalizia. Wakalimani wa kibanda cha Kifaransa walikuwa wamepewa nakala ya hotuba mapema, kama inavyotakiwa, na nakala hiyo iliishia kwenye tamko. Walipomaliza sentensi ya mwisho wakazima kipaza sauti, taa nyekundu ikazimika. Mgeni rasmi alipoanza tangazo la kwanza, ikabidi wawashe upya na kukalimani bila maandishi, makofi yakiwa hayajatulia. Tangazo la kwanza likapita lote. Yaliyofuata yalikalimaniwa, lakini ukitazama meza za upande wa kushoto katika rekodi, vifaa vya kusikilizia vimelala juu ya makabrasha. Kibanda kilikuwa kinazungumza na viti.

Na tangazo hilo la kwanza lilikuwa lipi? Kwamba basi la kwenda Namanga siku ya Alhamisi litaondoka saa kumi na mbili asubuhi, si saa mbili kama ratiba iliyochapishwa inavyosema, na kila mtu abebe pasipoti. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kilomita zipatazo 110, na malori ya mahindi hukaguliwa tangu asubuhi. Ukichelewa kwa saa mbili, unakuta foleni imesonga na unachoweza kuonyeshwa ni makaratasi. Alhamisi basi liliondoka kwa wakati, na viti vingi vilivyobaki wazi vilikuwa vya wajumbe wanaotumia Kifaransa. Walishuka kwa kifungua kinywa saa moja na nusu wakiwa na ratiba ya zamani mkononi.

Asiyejua kazi ile ya mpakani atasema walikosa matembezi tu. Hapana. Sumukuvu haienei sawasawa ndani ya shehena. Punje chache zilizoathirika zinaweza kubeba sumu nyingi huku maelfu ya punje zilizozizunguka zikiwa salama. Ukichota bakuli moja juu ya lori, unaweza kupata mahindi safi kabisa kutoka kwenye mzigo mbaya, na mwenzako upande wa pili wa mpaka akachota mahali pengine na kupata zaidi ya kiwango cha Afrika Mashariki, ambacho ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mashine zenu zote mbili ni nzima, ila uchotaji umetofautiana. Ugomvi wa namna hii si wa kufikirika. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na madereva wakabaki barabarani na mizigo yao. Warsha iliitishwa ili watu wasimame mbele ya lori moja, wachote pamoja, wakubaliane idadi ya sehemu za kuchota na kina cha kuchomeka bomba la sampuli. Mjumbe aliyekosa lori alirudi ukumbini kujadili jambo ambalo wenzake wameliona kwa macho. Hayo yote yametokana na karatasi moja iliyosomwa mahali pasipo pake.

Najua utetezi utakaokuja. Watu wa itifaki watasema kiongozi mkubwa hapaswi kutangaza mabasi na vyoo, kwamba hiyo ni kazi ya mshereheshaji. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Fomu za posho, nywila ya intaneti na mahali pa chai ni vya mshereheshaji, na ilinisikitisha kusikia fomu za posho zikitajwa na mgeni rasmi. Lakini milango ya dharura na badiliko la ratiba linalomgusa kila mtu yanastahili sauti yenye uzito kuliko zote, kwa sababu ndiyo sauti ambayo ukumbi mzima unaisikiliza. Swali langu kwa itifaki ni lile lile ninalouliza kila mwaka: kama mnaona matangazo hayamfai mgeni rasmi, kwa nini mliyaweka kwenye dakika zake tatu?

Hapa nirudie neno langu la siku zote kuhusu orodha za meza kuu. Tumewazoesha waandishi wa hotuba kujaza dakika nzima ya kwanza na vyeo, kisha tunashangaa matangazo yanaposukumwa hadi mwisho. Safari hii mgeni rasmi alitaja watatu na kuomba itifaki ichukuliwe kuwa imezingatiwa, akaokoa karibu sekunde thelathini. Alichookoa mwanzoni akakipoteza mwishoni.

Waliotutangulia walijua mpangilio. Mwalimu Nyerere alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam Novemba 1978 kuhusu uvamizi wa Idi Amin, alijenga hitimisho lake juu ya nguzo tatu, uwezo, nia na sababu. Na wale watangazaji wa Redio Tanzania waliokuwa wakisoma matangazo ya vifo nawaheshimu kuliko wasemaji wengi wa leo. Jina la marehemu, mahali pa mazishi na siku vilisomwa taratibu, kila jambo mahali pake, kwa sababu mtu wa Kigoma alikuwa na nafasi moja tu ya kusikia na kuwahi usafiri. Mtangazaji aliyekwisha kuaga hakurudi na jambo la maana. Nidhamu hiyo ndiyo tuliyoipoteza.

Hotuba ile ile ingepangwaje? Dakika tatu ni sekunde 180. Kwa mwendo ambao mkalimani anaweza kuufuata bila kukimbia, Kiswahili cha hotuba kinabeba kama maneno 110 kwa dakika, kwa hiyo una maneno 330 hivi na si zaidi. Karibu ipewe sekunde 35, kama alivyofanya. Mara baada ya karibu yaje matangazo mawili tu, sekunde 45: milango ya dharura kwa kuionyesha kwa mkono, kisha basi. Na basi litangazwe hivi: “Ratiba mliyonayo inasema saa mbili. Naomba muifute. Basi linaondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kifungua kinywa. Narudia, saa kumi na mbili asubuhi, na kila mmoja awe na pasipoti.” Kunyamaza kidogo baada ya “naomba muifute” ni kwa makusudi, watu wachukue kalamu. Kurudia saa ni kwa ajili ya kibanda, kwa maana mkalimani anapaswa kuigeuza saa kumi na mbili yetu kuwa saa sita ya wenzetu huku anaendelea kusikiliza, na akiisikia mara moja tu anaweza kuiacha ilivyo.

Baada ya hapo lije lengo, sekunde 75, na mfano wa zuio la Machi 2021, ambao mgeni rasmi aliuanza vizuri, apate nafasi ya kuumaliza. Faida ya kuliweka lengo hapa ni kwamba linakuwa jambo la mwisho lenye uzito ambalo mshiriki analibeba kwenda kwenye kazi ya kwanza. Zinabaki sekunde 25 za kushukuru na kutamka. Akishatamka, ashuke jukwaani. Karatasi ikija kwa kuchelewa, aipokee na kumpa mshereheshaji, ambaye atasubiri watu wakae na taa ya kibanda iwake ndipo aisome.

Utajuaje kama umefanikiwa? Mwangalie mshiriki wa mwisho aliyevaa kifaa cha kusikilizia. Kama anaandika saa ya basi, tangazo limefika. Kama kifaa kiko mezani, hujatangaza kitu, hata kama ulisoma kila neno.

Kwa waandishi wa hotuba nina ombi moja. Tamko lichapwe kwenye ukurasa wake peke yake, liwe la mwisho, na nakala ya kibanda iwe sawa na ya mimbari hadi mstari wa mwisho. Sekretarieti nayo ifunge mlango wa karatasi nusu saa kabla ya ufunguzi. Mgeni rasmi huyu ana sauti nzuri na anajua lengo lake. Atafungua warsha nyingine. Atakapoifungua, tamko na liwe neno lake la mwisho.