Kutoka Orodha hadi Ulinganishi: Uhakiki wa Aya Moja ya Mapitio ya Maandiko

Makala haya yanakusudia kuchunguza kasoro moja inayojitokeza mara kwa mara katika tasnifu zetu, nayo ni mapitio ya maandiko yanayoorodhesha waandishi pasipo kuwakutanisha. Tutachukua mfano wa mtafiti anayetaka kuchunguza Kiswahili cha wachuuzi wa Kalengera, kwenye barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru. Aya yake, tuliyoitunga kwa ajili ya uhakiki huu, ni hii:

"Polomé (1968) alichunguza Kiswahili cha Lubumbashi. Fabian (1986) aliandika juu ya historia ya Kiswahili katika Kongo ya Kibelgiji. Goyvaerts (1988) alichunguza Indubili ya Bukavu. Nassenstein na Bose (2016) waliandika sarufi ya Kiswahili cha Kivu. Hakuna aliyechunguza Kalengera."

Kila sentensi hapa ni ya kweli, lakini aya haisemi kitu. Ithibati yake ni rahisi: zibadilishe nafasi sentensi nne za kwanza utakavyo, na maana haitaharibika. Sentensi zisizotegemeana ni orodha. Aidha, hoja ya mwisho ni dhaifu. Vijiji ambavyo havijachunguzwa ni vingi mno. Kutokuwapo kwa utafiti hakutoshi kuwa sababu ya kuufanya.

Wengi hudhani tiba yake ni viunganishi, wakatia "vilevile" na "kwa upande mwingine" kati ya sentensi zilezile. Hilo ni pambo tu. Kazi yenyewe hutangulia uandishi. Mtafiti na achore jedwali, kila kitabu au makala yakiwa na mstari wake, na safu zikiwa tano: mahali, wasemaji, aina ya ushahidi, kipimo kilichotumiwa, na dai. Kisha asilisome kwa ulalo, maana ndivyo alivyokwisha kufanya. Alisome kwa wima, safu baada ya safu.

Safu ya kipimo ndiyo inayotufumbua macho. Polomé alikieleza Kiswahili cha Lubumbashi kwa kukilinganisha na kile cha pwani ya Afrika Mashariki. Nassenstein na Bose wanakieleza cha Kivu kama lugha yenye kanuni zake. Mtafiti akiyasoma maelezo hayo mawili bila kuitazama safu hii, atasema kuwa Lubumbashi ngeli zimepotea na Kivu zimepangika upya. Pengine tofauti hiyo imo katika jicho la mtazamaji, wala si katika kinywa cha msemaji. Safu ya ushahidi nayo inaonya: Fabian alitegemea sana maandishi ya kikoloni, yakiwamo miongozo ya kujifunzia lugha, ilhali wengine watatu wanashughulikia usemi. Basi hawezi kuwekwa upande mmoja nao wala kupingana nao moja kwa moja. Yeye anajibu swali la chanzo.

Baada ya kazi hiyo, aya inaweza kuandikwa hivi:

"Tofauti kati ya Kiswahili cha Kongo na cha pwani zimefasiriwa kwa njia mbili. Kipimo kikiwa ni pwani, kama kwa Polomé (1968), huonekana kama mkengeuko; lugha ikielezwa kwa kanuni zake yenyewe, kama kwa Nassenstein na Bose (2016), huonekana kama mfumo. Kwa kuwa vipimo havilingani, kazi hizi mbili hazitoshi kuonyesha umbali uliopo kati ya Lubumbashi na Kivu. Fabian (1986) anahusisha kuenea kwa lugha hii na utawala na kazi za kikoloni, naye Goyvaerts (1988) anaonyesha kuwa kwa vijana wa Bukavu uchanganyaji ni alama ya kundi. Maelezo yote mawili yameegemea mazingira ya mjini au ya ajira. Haijulikani kama yanatosha sokoni Kalengera, ambako Kinyabwisha husemwa majumbani na Kiswahili hukutanisha wauzaji na wasafiri."

Tazama kilichobadilika. Sentensi ya kwanza inaanza na suala, si na jina la mtu. Sentensi ya tatu haimo katika kitabu chochote kati ya hivyo. Ni hukumu ya mtafiti mwenyewe, na bila hukumu kama hiyo hapana usanisi. Pengo nalo si kijiji kisichotembelewa tena, bali ni maelezo ambayo hayajajaribiwa mahali ambapo huenda yakashindwa.

Ipo hatari ya upande wa pili. Mwenye shauku ya kuoanisha huweza kuandika "wote wanakubaliana kuwa Kiswahili cha Kongo kimeathiriwa na lugha nyingine", kauli pana kiasi kwamba hakuna awezaye kuipinga. Dalili yake ni kwamba mabano yanabeba majina manne na dai halimtofautishi hata mmoja. Hapo ni heri kusema wazi kuwa kazi mbili hazilinganiki, na kwa nini. Kauli hiyo nayo ni matokeo ya ulinganishi, na humwelekeza mtafiti kuchagua kipimo kimoja kabla hajakanyaga sokoni.