Seva Mbili, Anwani Moja

Picha ya skrini inapoingia kwenye simu ya fundi mkongwe mjini Migori, kinachoonekana kwanza ni ukuta wa alama za @ na tangazo la herufi kubwa: WARNING: REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED! Tuseme aliyeituma ni fundi kijana aliyeketi katika kituo cha afya Homa Bay, na anataka kujua jambo moja tu: afute rekodi ya zamani, aendelee na kazi? Msomaji stadi hamjibu bado. Anazipita herufi kubwa, kwa kuwa hizo ni zilezile kwa kila mtu, na kushuka hadi chini kabisa.

```
Offending ED25519 key in /home/fundi/.ssh/known_hosts:14
Host key for 192.168.1.20 has changed and you have requested strict checking.
Host key verification failed.
```

Hapo ndipo penye habari. Kila seva ya SSH ina ufunguo wake, ambao kwa kawaida hutengenezwa siku mfumo unapowekwa. Kompyuta ya fundi ikiunganishwa nayo mara ya kwanza, huhifadhi nusu ya hadharani ya ufunguo huo katika faili la known_hosts, ikiambatanishwa na anwani ya seva. Kuanzia siku hiyo hulinganisha kila mara. Leo imegoma kwa sababu anwani ya mstari wa 14 imejibiwa na ufunguo mwingine. Sababu haiijui; kuitafuta ni kazi ya binadamu.

Sababu zenyewe si nyingi. Huenda diski iliharibika na Ubuntu ikawekwa upya. Huenda ufunguo ulibadilishwa makusudi, kama GitHub walivyobadilisha ufunguo wao wa RSA tarehe 24 Machi 2023, baada ya nusu yake ya siri kuonekana hadharani kwa muda mfupi. Watumiaji wengi walikutana na onyo hilihili. Au kuna mtu aliyejipenyeza katikati ya njia. Huyo akipewa nenosiri, amepewa mlango. Na katika vituo vinavyotumia KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, nyuma ya mlango huo kuna rekodi za wagonjwa, wakiwemo wanaotumia dawa za VVU, katika kaunti mbili ambazo ni miongoni mwa zilizolemewa zaidi na virusi hivyo nchini Kenya.

Lakini jicho la mkongwe limenaswa na 192.168.1.20. Hiyo ni anwani ya mtandao wa ndani, na hakuna kinachozuia vituo viwili visivyojuana kuwa nayo. Kijana yuleyule, na laptopu ileile, alikuwa kituo cha Migori kabla ya kupitia Rongo kuja Homa Bay. Je, kilichobadilika ni seva, au ni mji?

Dhana nzuri bado ni dhana. Mkongwe anamwagiza kijana aandike `ssh-keygen -l -F 192.168.1.20` kwenye laptopu, ili alama ya ufunguo wa zamani ionekane. Kisha aende kwenye seva yenyewe, akae mbele ya kibodi yake na kuandika:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Alama hiyo haiwezi kuombwa kupitia muunganisho unaotiliwa shaka, maana aliyejipenyeza ataitoa anayoitaka yeye. Baada ya SHA256: huja herufi 43, kubwa na ndogo zikihesabiwa tofauti. Zinasomwa zote, si nne za mwisho tu, kwa sababu mtu mwenye kompyuta ya nguvu anaweza kutafuta ufunguo unaofanana kwa herufi chache.

Ikiwa alama ya zamani ni ile iliyoandikwa kwenye daftari la kituo cha Migori, na mpya iliyomo katika onyo inalingana na ile iliyosomwa kwenye seva ya Homa Bay, fumbo limefumbuliwa. Na hapo inaonekana kwa nini `ssh-keygen -R` lingekuwa kosa: lingefuta kumbukumbu halali ya Migori, na safari ya kurudi ingeleta onyo lilelile, hadi kijana azoee kulifuta bila kulisoma. Kila seva inapewa jina lake katika faili la ~/.ssh/config:

```
Host homabay
    HostName 192.168.1.20
    HostKeyAlias seva-homabay
```

Migori nayo inapata fungu lake. Kijana anapoandika `ssh homabay` kwa mara ya kwanza, laptopu itamuuliza kama anaukubali ufunguo huo. Ataulinganisha na alama aliyoinakili kwenye kibodi, aandike yes, kisha aiingize alama hiyo kwenye daftari la kituo pamoja na tarehe.

Mkongwe ana agizo moja zaidi: alama za vituo vyote zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe. Seva mbili zilizonakiliwa kutoka diski moja bila kutengenezewa funguo mpya huwa na ufunguo mmoja, na hapo laptopu haitatoa onyo lolote hata ikiunganishwa na seva isiyokusudiwa.