Mapipa 21 au 18? Hesabu ya bodi ya kenta

Tuchukue kenta yenye bodi ya mita 4.3 kwa 1.9, inayoruhusiwa kubeba tani 3.5. Mwenye mzigo anauliza: itaingiza mapipa mangapi ya dizeli, na mitungi mingapi ya gesi ya kilo 15?

Anza na pipa la lita 200. Kiwiliwili chake kina kipenyo cha sentimita 57 hivi, lakini tepu ipitishwe juu ya zile mbavu mbili zinazolizunguka, maana ndizo zinazogusana na pipa la jirani. Hapo unapata karibu 59. Kwa upana yanakaa 3, kwa urefu 7, jumla 21. Ukiyapanga kama sega la nyuki, kila pipa likiingia kwenye pengo la mawili yaliyo mbele, safu zinakuwa 8. Tatizo ni kwamba safu za 3 zikipishana hivyo zinadai upana wa mita 2.07, ambao bodi haina. Inabidi upange 3, kisha 2, kisha 3, na mwisho unaishia na 20. Mpango wa mistari iliyonyooka unashinda.

Sasa mzani. Lita moja ya dizeli ina kilo 0.84 hivi, kwa hiyo lita 200 ni kilo 168. Ongeza kilo 18 za pipa tupu, upate 186. Mapipa 21 yanafika kilo 3,906, na gari limezidishwa. Hata 19 yanapita kidogo, kwa hiyo jibu ni 18: safu 6 za 3, zimesukumwa hadi ukuta wa mbele. Zile sentimita 76 zinazobaki nyuma zikingwe kwa mbao na mzigo ufungwe kamba, la sivyo mlimani mapipa yatarudi nyuma.

Mtungi una hesabu nyingine. Tuseme tumbo lake lina kipenyo cha sentimita 32. Kwa mistari iliyonyooka inakaa 5 kwa 13, yaani 65. Hapa sega la nyuki linafaa, kwa sababu safu za 5 zinazopishana zinataka mita 1.76 tu. Kila safu mpya inasogea sentimita 27.7 badala ya 32, hivyo zinaingia 15, na mitungi inakuwa 75. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ukiwa kilo 16, mtungi uliojaa una kilo 31, na yote 75 ina kilo 2,325.

Usishawishike kujaza tani iliyobaki kwa kulaza mitungi juu ya mingine. Mtungi husafiri umesimama ili vali ya usalama ibaki upande wa mvuke. Ukilala, gesi iliyo kimiminika inaifikia vali, na ikifunguka hutoka kimiminika kinachotanuka mara 250 hivi kikigeuka mvuke.

Kwa pipa, basi, uliza mzani kwanza. Kwa mtungi, uliza tepu.