Vijiji kumi zaidi kwa shilingi milioni saba

Barua nyingi za kuomba fedha za sampuli kubwa husema tu kwamba matokeo yatakuwa ya uhakika zaidi. Mfadhili makini hatoi senti kwa sentensi hiyo. Anataka kujua uhakika huo ni kiasi gani, na utabadilisha uamuzi upi.

Tuchukue mfano wa afisa utafiti anayepima upungufu wa damu kwa watoto walio chini ya miaka mitano katika wilaya moja. Bajeti iliyokwisha kupitishwa ni ya vijiji 30, watoto 20 kila kijiji. Kukifikia kijiji kimoja, yaani mafuta, posho za wadadisi na kuorodhesha kaya, hugharimu shilingi 300,000. Kumpima mtoto mmoja ni 20,000. Jumla milioni 21.

Anatarajia kukuta asilimia 35. Shirika la Afya Duniani huhesabu asilimia 40 kuwa tatizo kubwa la afya ya jamii, na hapo ndipo barua inapoanzia, kwa sababu mpango huo wa mwanzo una ukingo wa makosa wa asilimia 5.3 juu na chini. Akipata 35 kamili, bado hawezi kusema kwamba wilaya haijafika 40.

Njia inayomjia kila mtu ni kuongeza watoto katika vijiji vilevile. Lakini watoto wa kijiji kimoja hufanana: wanakula chakula kilekile, wanaumwa na mbu walewale. Kwa kiwango cha mfanano cha 0.05, watoto 20 wa kijiji kimoja hutoa taarifa sawa na watoto 10 waliochaguliwa popote wilayani. Ukiwafanya 40, unapata sawa na 14 tu. Kwa hiyo watoto 1,200 katika vijiji 30 wangegharimu milioni 33 na kushusha ukingo hadi 4.6. Vijiji 40 vya watoto 20 vinafika 4.6 hiyohiyo kwa milioni 28. Ombi ni milioni saba za ziada, na sababu yake inaonekana.

Mbona asiombe zaidi? Kupunguza ukingo wa mwanzo kwa nusu kunadai sampuli mara nne: vijiji 120, milioni 84. Uamuzi unaosubiriwa hauhitaji usahihi huo, na kulisema hilo waziwazi humjengea mwombaji imani kuliko aya nzima ya sifa za mradi.

Mahali ambapo mimi ningembana ni kwenye ile 0.05. Ikiwa mfanano halisi ni 0.10, vijiji 40 vinarudisha ukingo kwenye 5.6, na hoja yote inaanguka. Barua inapaswa kutaja namba hiyo ilitoka utafiti upi wa awali. Nayo mashine ya hemoglobini inayosoma chini kuliko ilivyo itakosea vilevile kwa watoto 600 au 800, kwa hiyo gharama ya kuihakiki kila asubuhi iwe na mstari wake kwenye bajeti.