Kiunganishi Kisichoandikwa: Ufundi wa Kupunguza Maneno ya Slaidi

Wasilisho la kuombea mtaji ni mfululizo wa slaidi, aghalabu kati ya 10 na 15, ambao waanzilishi wa kampuni changa huutumia kumshawishi mwekezaji aweke fedha zake katika biashara ambayo bado haijathibitika. Anayeliandaa kwa mara ya kwanza huelekea kujaza aya nzima katika kila slaidi, kisha, akishaambiwa kwamba hakuna atakayezisoma, huzifyeka mpaka yabaki majina matupu: "Tatizo", "Soko", "Timu". Hatua hiyo ya pili hudhaniwa kuwa ndiyo ufupi, ilhali ni uharibifu wa namna nyingine, kwa maana kilichoondolewa hapo ni hoja yenyewe. Kuibakiza slaidi na maneno matano au sita huku hoja ikiwa bado imesimama ni ufundi adhimu, na ugumu wake umo katika maneno ambayo hukatwa mwanzo kabisa kwa kuonekana hayana uzito: kwa sababu, kwa hiyo, lakini, ingawa.

Maneno hayo, yaani viunganishi, ndiyo yanayoyafanya madai kadhaa yawe hoja moja. Sentensi ikivunjwavunjwa kuwa orodha ya vidokezo, kila dai hubaki peke yake, na msomaji huachiwa kazi ya kukisia lipi ni chanzo, lipi ni tokeo na lipi linapinga jingine. Edward Tufte, mtaalamu wa Marekani wa namna ya kuonyesha takwimu, aliichambua hatari hii kwa slaidi moja iliyoandaliwa Januari 2003, wakati chombo cha anga cha Columbia kilipokuwa bado angani baada ya bawa lake kugongwa na kipande cha povu. Kichwa cha slaidi hiyo kilitoa matumaini, ilhali mstari wa chini kabisa ulikuwa na habari kwamba kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, na vile vilivyotumika katika majaribio vilikuwa na 3 tu, tofauti ya mara 640. Hakuna neno lililosema kwamba kwa sababu hiyo majaribio yale hayakuweza kutegemewa. Columbia ilisambaratika tarehe 1 Februari na wanaanga wote saba wakafariki, na bodi iliyochunguza ajali iliutaja uchambuzi wa Tufte katika ripoti yake. Slaidi ile, ikumbukwe, haikuwa fupi. Ilijaa vipande vya maneno visivyoshikana, na hilo ndilo kosa ambalo mkataji wa maneno hana budi kuliogopa kuliko wingi wa maneno.

Kiunganishi kinapoondolewa ndani ya slaidi, basi, hakina budi kuhamia mahali pengine, na mahali penyewe ni kati ya slaidi moja na inayofuata, ambapo mpangilio ndio unaosema "lakini" au "kwa hiyo" bila neno hilo kuandikwa. Wasilisho la awali la Airbnb, kampuni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008 kwa jina la AirBed & Breakfast, linaonyesha jambo hili vizuri. Slaidi yake ya tatizo inataja mambo matatu: bei humtia wasiwasi msafiri, hoteli humtenga na utamaduni wa mji, na hakuna njia rahisi ya kupata chumba kwa mwenyeji wala ya kuwa mwenyeji. Slaidi ya suluhisho inajibu kwa jukwaa la mtandaoni na faida tatu, yaani kuokoa fedha, kupata fedha na kushiriki utamaduni, hivi kwamba karibu kila lalamiko limekutana na jibu lake. Linalofuata ni swali ambalo mwekezaji yeyote angelikuwa nalo moyoni, iwapo watu watakubali kweli kulala nyumbani kwa wasiowajua, nalo linajibiwa kwa ushahidi kutoka tovuti mbili zilizokuwapo tayari, Couchsurfing na Craigslist. Hakuna sentensi inayosema "huenda ukashuku". Shaka imejibiwa kwa kuwekewa slaidi yake pale hasa inapozuka. Ni haki kuongeza kwamba ufundi huu hauna uwezo wa kununua imani: mwaka 2015 Brian Chesky, mmoja wa waanzilishi, alichapisha barua za kukataliwa kutoka kwa watano kati ya wawekezaji saba waliofikiwa mwaka 2008; wawili waliosalia hawakujibu.

Namna ya kukata inaonekana wazi zaidi ikifuatwa hatua kwa hatua katika mfano wa kubuni. Tuseme kampuni inapangisha vyumba vya baridi sokoni, na slaidi yake ya kwanza inasomeka hivi: "Wachuuzi wa nyanya hupata hasara kubwa kwa sababu masoko mengi hayana hifadhi ya baridi, jambo linalowalazimu kuuza mzigo kwa bei yoyote kabla haujaharibika." Mkataji mwenye haraka angeandika "Upotevu wa mazao", jina lisiloweza kukubaliwa wala kupingwa. Mwenye ujuzi huuliza kwanza ni dai gani ambalo, likikanushwa, slaidi zote zinazofuata zitaanguka, kisha hulibakiza hilo pamoja na kitenzi chake: "Nyanya za jioni huuzwa kwa hasara." Sababu haikutupwa, bali imesogezwa slaidi ya pili: "Mwenye ubaridi husubiri bei ya kesho." Ya tatu inaleta kizuizi: "Mchuuzi mmoja hawezi kununua chumba." Ya nne inajibu: "Tunakipangisha kwa tenga, kwa siku."

Hapo ndipo hufanywa jaribio lililo bora kuliko yote, la kusoma vichwa peke yake kwa sauti na kuingiza kiunganishi kimoja katika kila pengo. Kati ya ya kwanza na ya pili "lakini" inakaa, kati ya ya pili na ya tatu "ila" inakaa, na kabla ya ya nne "kwa hiyo" inaingia bila kulazimishwa. Pengo linalokubali "na" tu, au "pia", ni dalili kwamba slaidi mbili zimewekwa jirani bila kuhusiana. Dalili ya pili ni slaidi zinazoweza kubadilishana nafasi bila msikilizaji kugundua: katika mfano huu, ya tatu ikitangulia ya pili, mtu anaelezwa ughali wa kitu ambacho bado hajaoneshwa sababu ya kukitaka.

Yapo pia maneno yasiyokatika, na mengi ni vitenzi vinavyofuatana na namba. "Wachuuzi 40" ni maneno mawili mazuri machoni, lakini wachuuzi 40 waliojiandikisha si sawa na 40 wanaolipa kila wiki, na mwekezaji atakayegundua tofauti hiyo baadaye atalitilia shaka wasilisho zima. Afadhali slaidi irefuke kidogo: "Wachuuzi 40 wanalipa kila wiki." Neno "makadirio" nalo hubaki palipo na makadirio.

Mwisho, kiasi cha kukata hutegemea kama msemaji atakuwapo. Slaidi zinazooneshwa kwa projekta zinaweza kubaki na kichwa na picha tu, kwa kuwa sauti inabeba yaliyosalia, na mengi huhamishiwa kwenye maelezo ya msemaji ambayo hadhira haiyaoni. Nakala inayotumwa kwa barua pepe haina sauti hiyo; uchunguzi wa kampuni ya DocSend uliotolewa mwaka 2015 ulikuta kwamba mwekezaji alitumia wastani wa dakika 3 na sekunde 44 tu kwa wasilisho zima. Kwa nakala hiyo, chini ya kichwa kuhusu ubaridi hupasa kuongezwa mstari mmoja kwamba chumba huwekwa kati ya nyuzi 10 na 13 za Selsiasi, kwa sababu nyanya huharibika pia kwa baridi kali, na msomaji anayelijua hilo hatakuwa na mtu wa kumuuliza.