Swali Lisilofikiwa

Shamba la mikorosho Vihingo, wilayani Kisarawe. Mwombaji anadai jirani alivuka mpaka mwaka 2008 akaanza kuvuna. Maombi yamefunguliwa 2023. Jirani anajibu kwamba eneo hilo aliuziwa. Mfano ni wa kubuni, lakini kesi za namna hii ni chakula cha kila siku cha mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya.

Mwenyekiti hodari haanzi na mmiliki. Kwanza anatafuta cheti. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, na baraza la wilaya halisikilizi shauri la umiliki hadi lile la kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Cheti kikiwepo, anahesabu miaka, maana dai la kurejeshewa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Likiwa ndani ya muda, ndipo anauliza ardhi ni ya nani, na kama kweli iliuzwa. Kuuzwa kukithibitika, linazaliwa swali jingine: halmashauri ya kijiji iliridhia? Pasipo mauzo, swali hilo halina pa kusimama. Fidia ya korosho zilizovunwa inakuja mwisho, ikiwa mwombaji ameshinda.

Ufundi wenyewe uko kwenye neno la kufungia. Cheti kikikosekana, maombi *yanaondolewa*: mwombaji anakwenda kutafuta suluhu kwenye kata, kisha anaweza kurudi. Muda ukiwa umepita, kama hapa ambapo miaka 12 ilitimia 2020, maombi *yanatupwa*, na mlango wa kuyafungua upya unafungwa. Mwaka 1959, katika shauri la Ngoni-Matengo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba rufaa isiyofaa kusikilizwa huondolewa, kwa sababu kuitupa kunaashiria kwamba imesikilizwa na kuamuliwa. Majaji wa Tanzania wanaitaja kesi hiyo hadi leo.

Mwandishi mzembe huharibu hapa. Baada ya kuona muda umepita, anaendelea kujaza majibu: mmiliki, hapana, mauzo, hapana, fidia, hapana. Hizo “hapana” hazikutokana na ushahidi wowote, ila zimeshaandikwa, na kesho jirani atazipeperusha kijijini kama ushindi wa umiliki. Kanuni za mashauri ya madai zinataka kila hoja ijibiwe, isipokuwa pale jibu la hoja moja linapotosha kuamua shauri. Kwa hiyo inatosha kuandika: “Hoja ya pili imemaliza shauri, ya tatu hadi ya tano hazikufikiwa.” (Sentensi fupi hiyo, lakini ni adimu.)

Akiisoma, mwombaji anajua aelekee wapi. Kama kilichokosekana ni cheti, anarudi Baraza la Kata. Kama ni muda, iliyobaki ni rufaa Mahakama Kuu, ndani ya siku 45.